Bibi wa Unguja, mwalimu Msukuma, kijana wa Dar na mwanasheria wa Nairobi: uchambuzi wa sini moja

Hii sini nilitumiwa na jamaa mmoja anayeandika tamthilia ya redio, akaniambia waigizaji wakisoma inakuwa kama taarifa ya habari na hajui kwa nini. Ameniruhusu niichambue wazi ila nisitaje kazi yenyewe, so majina ya wahusika nimebadilisha, mengine yote ndo hivyo hivyo yalivyokuwa.

Hali ilivyo: Seif ana miaka 24, kazaliwa na kukulia Dar, mama yake (marehemu) alikuwa Mzanzibari na baba yake ni Mzee Masanja, mwalimu mstaafu wa Shinyanga aliyehamia Dar zamani. Seif kapata mchumba, Njeri, mwanasheria wa Nairobi, na wameenda wote watatu Unguja kumtambulisha kwa bibi mzaa mama. Bibi ana miaka sabini na kitu, kasoma chuo cha Qur'ani utotoni, skuli hakuenda kabisa. Njeri ni Mkristo na bibi hajaambiwa. Hapo ndipo sini inapokaa, na ukiangalia vizuri unakuta una watu wanne na kila mmoja ana Kiswahili chake, yaani ni zawadi kwa mwandishi. Sasa ona rasimu ya kwanza:

BIBI: Karibuni sana wajukuu zangu. Je, mmesafiri salama?
SEIF: Ndiyo bibi, tumesafiri salama. Huyu ni mchumba wangu, anaitwa Njeri.
NJERI: Nimefurahi kukutana nawe, bibi.
MZEE MASANJA: Tumekuja ili umfahamu kabla ya mipango ya harusi kuanza.
BIBI: Je, wewe ni wa dini gani?

Funika majina pembeni uone kama unajua nani kasema nini. Hujui. Wote wamesoma darasa moja, wamefundishwa na mwalimu mmoja, na mwalimu mwenyewe alikuwa na kitabu cha mazungumzo ya watalii. Hiyo "nimefurahi kukutana nawe" hakuna Mswahili anaisema akiingia kwenye nyumba ya mtu mzima, na "je" mwanzoni mwa swali watu wanaiandika tu, mdomoni kiimbo kinatosha. Halafu lile swali la dini, bibi wa Mjini hawezi kumuuliza mgeni hivyo kwenye dakika ya kwanza, chai haijaletwa. Nitalirudia hilo maana ndo moyo wa sini.

Jamaa nilipomwambia wote wanafanana akaenda akarudi na rasimu ya pili, na hii ndo mbaya zaidi kuliko ya kwanza. Bibi kila sentensi "yakhe". Seif "oya mchizi" mbele ya bibi yake. Njeri "manze" mara tatu. Mzee Masanja kapewa L kila penye R, "halusi", "kalibu". Na bibi, kwa sababu hajasoma, kapewa makosa ya sarufi: "kitu hii", "mtoto yangu". Hapo nikasema ngoja tukae.

Tuanze na hilo la bibi maana ndo kosa ninaloliona kwenye kazi nyingi, filamu hata vichekesho. Watu wanadhani shule ndo inampa mtu upatanisho wa ngeli. Sio. Bibi aliyezaliwa na Kiswahili mdomoni hawezi kusema "kitu hii" hata umwamshe usiku wa manane, kama ambavyo Mkikuyu wa kijijini ambaye hajakanyaga darasa hakosei Kikikuyu. Ngeli zinayumba kwa mtu ambaye Kiswahili kimemkuta ana lugha nyingine nyumbani, au kakikuta kwenye jiji ambalo limeamua kuzipunguza, na huyo mtu anaweza kuwa na digrii mbili. Kwa hiyo kwenye sini hii mwenye uwezekano wa kusema "hiyo kitu" ni Njeri mwanasheria, na mwenye Kiswahili kisicho na ufa ni bibi ambaye jina lake anaweka dole gumba. Mwandishi kagawa makosa kwa kufuata vyeti wakati yanatakiwa yafuate lugha ya kwanza ya mtu na mahali alipokulia. Mimi ningesema kila unapomwandikia mhusika maswali haya mawili yatenganishe kabisa: Kiswahili kilimkuta wapi, na shule ilimfanya nini. Ukiyachanganya unatukana watu bila kujua.

Lakini pia Kiswahili cha bibi sio sanifu. Hapa wengi wanajichanganya kwa upande wa pili. Sanifu ilijengwa juu ya Kiunguja, ndivyo ilivyoamuliwa Mombasa 1928, basi mtu anamwandikia bibi wa Unguja kama kamusi. Bibi anasema "nshakwambia", hasemi "nimeshakwambia". Anasema "ntakupa", "kaja nani", "mwezi ulopita", "kazi isokupa nafasi". Anakula silabi ila hakosei hata moja, ukizifuata unaona kila kitu kipo mahali pake. Na maneno ya nyumbani kwake ni tungule na mbatata, sio nyanya na viazi. Na skuli: hiyo hata profesa wa Zanzibar anasema skuli, serikali ya kule yenyewe inaandika skuli, kwa hiyo usilitoe kwa mhusika msomi ukidhani elimu inalifuta.

"Yakhe" tuliitoa yote. Ni neno la wenza kwa wenza, limetoka kwenye "ndugu yangu" ya Kiarabu, wanaume barazani wanaitana hivyo. Bibi kumwita mchumba wa mjukuu wake yakhe inachekesha kwa namna ambayo mwandishi hakukusudia. Bibi ana "mwanangu", na hiyo "mwanangu" anaweza kuitamka kwa mapenzi au kwa kisu, inategemea.

Sasa Mzee Masanja. Ile L na R nilimwambia futa yote, kwanza kwa redio haina maana kuandika matamshi, muigizaji wa Kanda ya Ziwa atakuja na ulimi wake na asiye wa huko ukimlazimisha atafanya katuni. Pili huyu ni mwalimu, amesimama mbele ya ubao miaka mingi akirekebisha R za watoto wa watu. Kama unataka Usukuma wake usikike kuna kitu kizuri zaidi, ile -ga ya mwishoni, "nilikuwaga", "anakujaga". Imetoka lugha za huko na sasa imesambaa bara yote hadi vijana wa Dar wanaitumia, lakini kwa mzee wa Shinyanga ina mizizi. Ila isiwe kila mahali. Mwalimu huyu ana Kiswahili cha aina mbili. Akiwa kwenye jambo zito anaongea kikao: kimsingi, suala, hatua, ushirikishwe. Kazi yake yote ilikuwa barua, mikutano ya wazazi na ripoti, na kizazi chake kiliingia ualimu kipindi kile cha elimu ya msingi kwa wote baada ya Azimio la Musoma 1974, lugha ya chama na lugha ya shule zilikuwa zinakaa nyumba moja. Akiogopa, anajificha kwenye hicho Kiswahili cha kikao. Akitulia, -ga inatoka yenyewe. Hapo tayari una mhusika, na hujaandika hata herufi moja ya kumdhihaki.

Kitu kingine kidogo, bibi hamwiti Masanja. Mama mkwe kumwita mkwe wake kwa jina mbele za watu? Anamwita Baba Seif, na yeye anamwita mama. Kwenye rasimu ya kwanza walikuwa hawaitani chochote, na nadhani hiyo ndo ilichangia sana ule ubaridi, maana Waswahili tukiongea na mtu tunamtaja kila mara, ni kama kumgusa bega.

Njeri ndo alituchukua muda. Mwandishi alimpa Sheng kwa sababu ni wa Nairobi na ni kijana. Lakini fikiria huyu binti: kasoma Kiswahili shule ya msingi mpaka sekondari, kafanyia mtihani, insha na lugha, anajua "ilhali" na "aghalabu". Anajua anaenda Zanzibar, na kila Mkenya kashataniwa kwamba Kiswahili chake kibovu. Atafanya nini? Atavaa Kiswahili cha mtihani kama nguo ya kanisani. Ataongea polepole, sentensi fupi, anakagua kila neno kabla ya kulitoa. Sheng hataigusa. Mpaka ashtuke. Akishtuka ndo Nairobi inatoka, na haitoki kwa nomino za mtaani, inatoka kwa vile vineno vidogo ambavyo mtu havilindi: "venye" kwa maana ya jinsi, "juu" kwa maana ya kwa sababu, "aje" mwishoni mwa swali. Na "nisaidie na". Nairobi ukitaka chumvi unasema nisaidie na chumvi, na ni heshima kabisa, ila Mtanzania anasikia ombi la msaada na hajui asaidie nini.

Shikamoo nayo. Njeri kaambiwa na Seif "ukifika wewe shikamoo tu", kwa hiyo ataigawa. Tulimweka binamu wa miaka kumi na tano mlangoni na Njeri akampa shikamoo kamili. Mtoto akacheka, sini ikapata hewa. Hilo halihitaji maelezo kwa msikilizaji yeyote wa Tanzania.

Seif alikuwa rahisi ila mwandishi alimzeesha bila kujua. Jamaa ana miaka arobaini na kitu na slengi aliyompa Seif ni ya ujana wake yeye, "bomba", "kidosho", ukisikia unaona kabisa kaptula za miaka ya tisini. Nomino za mtaani zinakufa haraka, ukirekodi mwaka huu kipindi kikirushwa tena baadaye kijana wako kawa mjomba. Vinavyodumu ni viungo vya sentensi. "Sema" kwa maana ya ila, "yaani", "si unajua". Kijana wa Dar anaweza kuongea dakika tano bila neno moja la slengi na bado ukajua ni wa Dar kwa jinsi anavyounganisha. Na cha muhimu zaidi, Seif ana midomo mitatu kwenye chumba kimoja. Kwa bibi anashusha sauti na kulainisha, kwa baba anajibu kwa neno mojamoja, kwa Njeri ndo anaongea kama yeye. Umri wa mtu kwenye mazungumzo unauona anapogeuka kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine, kwenye hayo mageuko, kuliko kwenye msamiati.

Haya, tukaandika upya. Hii ndo ilirekodiwa, kile kipande cha binamu nimekiruka:

SEIF: Hodi! Bibi, shkamoo.
BIBI: Marahaba mwanangu. Hebu njoo hapa nkuone. Kha! Mbona umekonda hivi? Huko Dasalama hamli?
SEIF: Nakula bibi. Sema kazi tu.
BIBI: Kazi gani hiyo isokupa nafasi ya kula. Baba Seif, u mzima?
MZEE MASANJA: Mzima mama, tunamshukuru Mungu. Shikamoo mama.
BIBI: Marahaba.
NJERI: Shikamoo bibi.
BIBI: Marahaba. Kaa mwanangu. Hapo mkekani, au wataka kiti?
NJERI: Hapa ni sawa bibi, asante.
BIBI: Watu wa wapi nyie, mwanangu?
NJERI: Mimi ninatoka Nairobi, bibi. Lakini nyumbani kwetu kabisa ni Nyeri.
BIBI: Nyeri. Ndo huko kwenye baridi.
NJERI: Ndiyo bibi. Kuna baridi nyingi.
BIBI: Na mwezi huu ulopita umefungia wapi, kwenu au Dasalama?
NJERI: Mimi… bibi, sisi hatu… venye nimelelewa, kwetu ni watu wa kanisa.
SEIF: Bibi, hilo mimi na yeye tushaliongea…
BIBI: Nimekuuliza wewe?
MZEE MASANJA: Mama, kwa ruhusa yako. Kimsingi suala hili mimi kama mzazi nimekaa na vijana wote wawili, na tukaona kwamba kabla ya hatua yoyote ni vizuri wewe kama mkubwa wa familia ushirikishwe, ili…
BIBI: Baba Seif.
MZEE MASANJA: Naam mama.
BIBI: Chai inapoa.
NJERI: Bibi… nisaidie na sukari.
BIBI: Nkusaidie kuifanya nini?
SEIF: Anaomba sukari, bibi.
BIBI: Aa! Si useme waomba. Shika mwanangu.

Angalia lile swali la dini lilivyogeuka. Bibi haulizi unafunga au hufungi, anauliza umefungia wapi, yaani kashakukadiria ni Muislamu na anakupa heshima hiyo, na kama sio basi wewe mwenyewe ndo utamwambia. Watu wazima wa pwani wanauliza hivyo, mlango uko wazi lakini kuingia unaingia kwa miguu yako. Hili ni jambo la umri na malezi kuliko la lafudhi, na ndo maana huwezi kulipata kwa kubandika maneno ya Kizanzibari juu ya swali la mtu mwingine. Mwandishi alikuwa na "wewe ni wa dini gani" na alitaka kuongeza "ati" mbele iwe ya Unguja. Swali lenyewe halikuwa la bibi, hata ungelipaka nini.

"Venye" ipo mara moja tu kwenye sini nzima na iko pale anaposhtuka. Jamaa alitaka tuongeze mbili zingine ili wasikilizaji "wakumbuke ni Mkenya". Nikamwambia ukiongeza unaiua. Sasa hivi inafanya kazi mbili, inasema anatoka wapi na inasema kaogopa. Ukiitawanya itasema moja tu, tena ile ambayo bibi kashaisikia kwenye Nyeri. "Baridi nyingi" ni kidogo zaidi, wengine hawataiona kabisa, bibi angesema baridi kali. Sawa, isionekane.

Na mzee, ona hotuba yake ilivyokatwa kwa maneno mawili. Kwa vyeti yeye ndo msomi wa chumba, pengine baada ya Njeri, na ana maneno mengi kuliko wote. Bibi ana machache na ndo anaendesha kikao. Kama mwandishi angebaki na ile imani ya kwamba asiyesoma ndo dhaifu wa lugha asingeweza kuipata "chai inapoa".

Baada ya hapo kuna kipande kifupi nje, Njeri katoka uani kuvuta pumzi na mzee kamfuata.

MZEE MASANJA: Usiogope. Mimi mwaka ule nilipokuja hapa kuposa nilikuwaga naogopa kuliko wewe.
NJERI: Na alikuwanga anakuuliza maswali hivyo?
MZEE MASANJA: Mimi? Mimi aliniuliza kama kwetu tunakulaga samaki.

Hiki kipande ndo nakipenda kuliko vyote na kilitoka kwa bahati. Mzee ana "nilikuwaga", Njeri ana "alikuwanga". Nairobi wana -nga yao, Ziwa wana -ga yao, zote zimeingia kutoka lugha za nyumbani na bibi hana hata moja. Kwa hiyo wawili hawa wageni, mmoja mzee mmoja kijana, mmoja wa Shinyanga mwingine wa Nyeri, wanakutana uani kwenye kitu ambacho ndani walikuwa wanakificha, na hakuna anayekitaja. Mzee hana "kimsingi" hata moja hapa. Njeri kaacha Kiswahili cha mtihani mezani. Usikilize tu jinsi walivyoshusha mabega.

Kulikuwa na ubishi mmoja mwishoni. Mtu wa studio aliuliza, wasikilizaji wa bara na Kenya wataielewa "isokupa" kweli, na huyu "Baba Seif" si watadhani ni mtu mwingine. Hoja ina haki yake maana redio huwezi kurudi nyuma ukasoma tena. Tulichofanya ni kuhakikisha kila umbo gumu la bibi limekaa kwenye sentensi ambayo mengine yote ni mepesi. "Kazi gani hiyo isokupa nafasi ya kula", hata ukipoteza "isokupa" umeshaelewa, kashasema umekonda na hamli. Kulikuwa na mstari mwingine wa bibi wenye maumbo matatu ya namna hiyo na methali juu yake, huo tuliukata, ulikuwa mtamu lakini watu wangebaki nyuma wakiutafuna wakati sukari inaombwa. "Baba Seif" tuliiacha. Masanja anaitika palepale, sikio linaunga lenyewe.

Aliyeigiza bibi ni mama wa Mjini hasa, na kwenye kurekodi alibadilisha kitu kimoja bila kumuuliza mtu. Kwenye karatasi ilikuwa "Nimekuuliza wewe?", yeye akasema "Nimekuuliza weye?", na sauti chini. Mwandishi aliinua mkono kusimamisha, mwongozaji akamtikisia kichwa, wakaendelea.